Kahawa ya kuchemsha na lehemu: namna ya kuipitisha kwenye karatasi bila kuipoteza ladha

Swali huja kwa namna nyingi lakini ni lilelile. Majibu ya maabara yameonyesha lehemu iko juu, daktari ameuliza kuhusu samli, nazi na nyama, na mgonjwa akirudi nyumbani anasikia kwamba hata kahawa inapandisha. Sasa aache? Apunguze? Ahamie kahawa isiyo na kafeini? Na mbona jirani anakunywa vikombe vingi zaidi na majibu yake ni mazuri?

Jibu fupi ni kwamba kinachopandisha lehemu si kahawa kwa jumla, ni mafuta yake, na mafuta hayo hukwama kwenye karatasi. Ukiendelea kuchemsha kahawa yako kama kawaida, kisha ukaipitisha kwenye karatasi ya kuchujia kabla ya kuinywa, umeondoa karibu sehemu yote inayohusika. Mwongozo huu unaeleza namna ya kufanya hivyo kwa vifaa vya jikoni, makosa yanayofanya kazi hiyo iwe bure, na jinsi ya kupima kama imekusaidia.

Maelezo machache kabla ya jiko

Jambo hili lilianza kuonekana Tromsø, kaskazini mwa Norwe. Mwaka 1983 watafiti wa huko walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba wanywaji wakubwa wa kahawa walikuwa na kolesteroli, ambayo ndiyo lehemu inayozungumziwa hapa, ya juu kuliko wengine. Tafiti za nchi nyingine zilitoa majibu yanayogongana, na ilichukua muda kutambua kwamba tofauti ilikuwa kwenye upishi. Norwe ya kaskazini na Ufini, watu wengi walikuwa wakichemsha kahawa ndani ya birika, wakaiacha itulie, kisha wakamimina. Kwingine kahawa ilikuwa ikichujwa.

Uholanzi jambo hili likajaribiwa moja kwa moja. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1989, vijana 107 waligawanywa makundi: wengine walikunywa kahawa ya kuchemsha vikombe 4 hadi 6 kwa siku, wengine kiasi hichohicho cha kahawa ya kuchujwa kwa karatasi, wengine hawakunywa kabisa. Baada ya wiki 9, kolesteroli ya waliokunywa ya kuchemsha ilikuwa juu kwa takriban 0.5 mmol/L kuliko ya waliokunywa ya kuchujwa. Mwaka 1991 likafuata jaribio lenye maana zaidi kwetu: kahawa ilichemshwa kwanza, kisha nusu yake ikapitishwa kwenye karatasi. Iliyopita kwenye karatasi haikupandisha lehemu. Kwa hiyo kuchemsha kwenyewe hakuna kosa, kosa ni kutochuja.

Vitu vyenyewe vinaitwa kafestoli na kaweoli. Vimo ndani ya mafuta ya punje ya kahawa, na chenye nguvu zaidi ni kafestoli. Hulifanya ini lipunguze kutengeneza asidi za nyongo kutokana na kolesteroli, na kolesteroli ambayo ingetumika huko hubaki na kuongezeka kwenye damu, hasa ile ya LDL, inayoitwa kolesteroli mbaya. Kafeini haihusiki hapa, ndiyo maana kuhamia kahawa isiyo na kafeini huku ukiendelea kuichemsha bila kuchuja hakusaidii lehemu hata kidogo.

Unachohitaji

Kwa nusu lita ya kahawa:

- Dele, birika au sufuria ndogo yenye mdomo wa kumiminia.
- Maji mililita 500 na kahawa gramu 30. Bila mizani, hiyo ni vijiko 6 vya chakula vilivyosawazishwa.
- Kahawa iliyosagwa kwa ukubwa wa chembe za sukari ya kawaida. Kahawa laini kama unga wa ngano itakusumbua, na sababu yake iko hapo chini.
- Karatasi ya kuchujia kahawa. Yenye umbo la pia, namba 4, inatosha kwa kiasi hiki ukimimina kwa awamu. Nyeupe au ya kahawia ni sawa.
- Kitu cha kuishikilia karatasi. Kama huna kikombe maalumu cha kuchujia, chujio la chai la waya, lile pana lenye mkono, linashika karatasi vizuri kabisa.
- Chupa ya chai ya kupokelea, iliyosuuzwa kwa maji moto.
- Glasi moja inayoonyesha, kwa ajili ya ukaguzi.

Ukitumia faneli ya plastiki ya jikoni badala ya chujio, tahadhari moja: kuta zake ni laini, karatasi ikilowa hugandamana nazo na kahawa haipati njia. Weka vijiti viwili vyembamba, kama vile vya mishikaki, kati ya karatasi na faneli ili hewa ipite.

Hatua

1. Chemsha maji kwanza, peke yake. Ukitia viungo, hapa ndipo mahali pake. Tangawizi iliyopondwa, iliki na mdalasini vitangulie dakika 3 hadi 5 kabla ya kahawa. Viungo havibadilishi habari ya lehemu, lakini nyuzi za tangawizi zikifika kwenye karatasi pamoja na mashapo zinaongeza uzito na kuzuia njia. Toa vipande vikubwa kwa kijiko.

2. Tia kahawa, koroga mara moja, acha ipande. Povu likifika karibu na ukingo, epua. Rudisha motoni, ipande tena, epua. Kwa wanaopenda kahawa tungu, dakika 2 au 3 zaidi kwenye moto mdogo hazina shida. Kwa kuwa utachuja, huna haja ya kupunguza muda wa kuchemsha kwa sababu ya kuogopa mafuta.

3. Iache itulie dakika 5 nje ya moto. Funika. Usikoroge tena, usitikise. Chembe kubwa zinashuka chini na kukuachia kioevu kinachopita haraka kwenye karatasi. Hatua hii ni kwa ajili ya kurahisisha uchujaji tu, na tutaona baadaye kwa nini haiwezi kuchukua nafasi ya karatasi.

4. Andaa karatasi wakati unasubiri. Ikunje kwenye mshono wa chini upande mmoja, na mshono wa ubavuni upande wa pili, ili ikae wima bila kujikunja. Iweke kwenye chujio, imwagie maji moto kidogo yailoweshe yote, kisha mwaga maji hayo. Karatasi iliyoloweshwa inashika mahali pake, na ile harufu ya karatasi inaondoka na maji.

5. Mimina polepole, kwa awamu. Anza na kioevu cha juu kilicho safi. Jaza karatasi hadi robo tatu, subiri ishuke, ongeza. Kahawa isivuke ukingo wa karatasi hata mara moja. Kijiko kimoja kikipita pembeni kinaingia kwenye chupa na mafuta yake yote, na hutajua.

6. Mashapo yaje mwisho. Ukibakiza kama robo kikombe chini ya dele, amua: mimina nayo na usubiri, au acha. Wengi wanaacha, na hawapotezi kitu, kwa sababu ile robo inaweza kuchukua muda sawa na kahawa yote iliyotangulia.

7. Usiikamue karatasi. Kishawishi ni kikubwa, hasa matone yakianza kuwa ya kuhesabika. Ukiikamua inapasuka kwenye mshono, au unasukuma nje vilevile vitu ulivyotaka vibaki. Inyanyue, itupe na machicha yake.

8. Kagua kwenye glasi. Mimina kidogo kwenye glasi na uishike dhidi ya mwanga. Kahawa iliyochujwa vizuri inapitisha mwanga, rangi yake inaelekea wekundu pembeni, na ukiiacha dakika 10 hakuna utando wa udongo chini. Kisha itazame juu kwa kuinamisha glasi: kusiwe na vijiduara vya mafuta vinavyometameta. Mara ya kwanza weka pembeni glasi ya pili yenye kahawa ileile ambayo haikuchujwa. Tofauti inaonekana bila kuambiwa. Ya pili ni nzito, haipitishi mwanga, na ukipitisha kidole ndani ya glasi tupu baadaye unasikia utelezi.

9. Maziwa na sukari ni baada ya kuchuja. Maziwa yakipita kwenye karatasi yanaziba vitundu kwa dakika moja, na kinachofuata ni karatasi iliyojaa isiyoshuka.

Nusu lita ya kahawa iliyotulia vizuri hupita kwa dakika 3 hadi 5. Ikizidi 8, kuna kitu cha kurekebisha.

Makosa yanayoifanya kazi iwe bure

Kosa kubwa kuliko yote ni kuamini kwamba kahawa iliyotulia ni kahawa iliyochujwa. Muuza kahawa mzuri anaiacha itulie hadi finjani yako haina punje hata moja, na ulimi unakwambia ni safi. Lakini kafestoli haikai kwenye zile punje zinazoonekana peke yake. Iko kwenye matone madogo ya mafuta yanayoelea, na kwenye vumbi laini sana ambalo halizami hata ukingoja nusu saa. Kahawa ya Wanorwe iliyopandisha lehemu ilikuwa hivyohivyo, imetulia na kumiminwa taratibu.

La pili ni kutumia chujio la waya peke yake. Waya unazuia machicha, mafuta yanapita yote. Kwa sababu hiyohiyo, ile chupa ya kioo yenye mkono wa kusukuma chini chujio la chuma haina tofauti kubwa na kuchemsha: kahawa yake ina kafestoli ya kiwango kilekile au karibu yake. Espreso nayo ina kafestoli, lakini kikombe chake ni kidogo, kwa hiyo anayekunywa kimoja au viwili hana mengi ya kuhofia. Mashine za kahawa za maofisini zisizo na karatasi nazo zina yake. Watafiti wa Uswidi walizipima na kuchapisha matokeo mwaka 2025, na nyingi zilitoa kahawa iliyo kati ya ya kuchemsha na ya karatasi. Kama ofisini kwako kuna mashine ya namna hiyo, usiihesabu kuwa ni kahawa ya kuchujwa kwa sababu tu haina machicha.

Na kitambaa? Hapa habari ni nzuri kuliko wengi wanavyodhani. Katika vipimo hivyohivyo vya Uswidi, kahawa ya kuchemsha iliyopitishwa kwenye mfuko wa kitambaa ilipoteza zaidi ya asilimia 90 ya kafestoli yake. Kwa hiyo kama karatasi hazipatikani au ni ghali, kitambaa cha pamba kilichofumwa kwa kubana ni chaguo la pili la kweli. Kikunje mara mbili. Shashi ya hospitali haifai, na kitambaa cha kuchujia tui kwa kawaida kimefumwa wazi mno. Kioshe kwa maji moto mara tu unapomaliza, kisha kikaushe juani, maana mafuta ya kahawa yakikaa kwenye kitambaa yanachacha na utayasikia kwenye kikombe cha kesho. Usitumie sabuni yenye manukato.

Kutumia karatasi moja mara mbili ni ubahili usiolipa. Vitundu vimeshajaa, inapita taratibu, na ikilowa mara ya pili mshono unaachia. Karatasi ya chooni na ile ya kufutia mikono hazifai: zinamomonyoka kwenye maji moto.

Mwisho, usichanganye kahawa ya kuchemsha na kahawa ya unga inayoyeyuka, kama Africafé ya Bukoba. Hiyo haina haja ya karatasi. Kafestoli iliyobaki ndani yake ni kidogo sana, kwa hiyo kwa upande wa lehemu iko kundi moja na iliyochujwa. Namna ya kuzitofautisha: ikiyeyuka yote na kikombe kikabaki kitupu, ni hiyo. Ikibakiza machicha, ni kahawa ya kusagwa.

Je, aina ya buni ina maana?

Ina maana kidogo. Robusta, ambayo ndiyo nyingi Kagera na Uganda, ina kafestoli kama nusu ya ile iliyomo kwenye arabika ya Kilimanjaro au ya nyanda za juu za Kenya, na kaweoli yake ni kidogo mno. Lakini nusu si sifuri. Anayekunywa lita moja ya robusta iliyochemshwa bado anakunywa kafestoli ya kutosha kuonekana kwenye damu.

Hesabu ya kwako: ni kiasi gani hasa?

Kabla ya kubadilisha chochote, hesabu ujazo unaokunywa kwa siku kwa mililita. Hapa watu wengi hukosea, kwa sababu wanahesabu vikombe bila kutazama ukubwa wake.

Kikombe cha mililita 150 cha kahawa ya kuchemsha isiyochujwa kinaweza kuchukuliwa kuwa na miligramu 4 za kafestoli. Kinapanda na kushuka kutegemea buni, kiasi cha kahawa na usagaji, lakini kwa kukadiria kinatosha. Kila miligramu 10 kwa siku, zikinywewa kwa wiki kadhaa, hupandisha kolesteroli ya damu kwa takriban 0.13 mmol/L, na sehemu kubwa ya hiyo ni LDL.

Tuchukue watu wawili. Wa kwanza anakaa barazani, anakunywa finjani 3 asubuhi na 4 jioni. Finjani ina kama mililita 50, kwa hiyo jumla ni mililita 350. Hiyo ni vikombe viwili na kidogo vya kipimo chetu, yaani miligramu 9 za kafestoli, na ongezeko la kama 0.12 mmol/L. Mtu huyu akiambiwa "unakunywa vikombe saba kwa siku, acha mara moja", ameonewa. Akichuja atapata nafuu ndogo, lakini chapati za samli zinazoandamana na kahawa hiyo huenda zina neno zaidi.

Wa pili anachemsha nyumbani asubuhi, anajaza chupa ya chai ya lita 1 na kuimaliza kazini kwa magi 4. Yeye hujiona anakunywa kidogo kuliko wa kwanza, 4 dhidi ya 7. Lakini lita 1 ni karibu vikombe 7 vya mililita 150, miligramu 27 za kafestoli, na ongezeko la takriban 0.35 mmol/L. Tuseme LDL yake ni 4.1. Akianza kuchuja, bila kubadilisha kitu kingine, ni jambo la kutarajia aikute kwenye 3.8 au chini kidogo. Haimtoi moja kwa moja kwenye kundi la hatari, ila ni punguzo la bure, kwa gharama ya karatasi mbili kwa siku.

Ukiwa Omani au kwingine Ghuba, ambako kahawa ya iliki humiminwa kidogokidogo kwenye finjani mara nyingi kwa siku, fuata hesabu hiyohiyo: pima birika lote ulilolimaliza, usihesabu finjani.

Kupima kama imefanya kazi

1. Pima lehemu kabla ya kuanza: kolesteroli jumla, LDL, HDL na trigliseridi. Andika tarehe na jina la maabara.
2. Chuja kahawa *yote* unayokunywa kwa wiki 6. Kiasi cha kahawa kibaki kilekile. Ukipunguza kahawa, ukaacha samli na ukaanza kutembea jioni kwa wakati mmoja, vyote ni vizuri, lakini hutajua kilichosaidia ni kipi.
3. Pima tena kwenye maabara ileile, saa ileile, na kwa hali ileile. Kama mara ya kwanza ulifunga kula, funga tena.
4. Soma tofauti kwa busara. Lehemu ya mtu yuleyule hupanda na kushuka kwa asilimia kadhaa kati ya kipimo na kipimo hata bila kubadilisha chochote. Ikishuka kwa 0.1 tu, huwezi kusema ni karatasi. Ikishuka kwa 0.3 au zaidi, na ulikuwa mnywaji wa lita 1 kama yule wa pili, inaelekea ni yenyewe.

Kama unatumia dawa za kushusha lehemu, usiziache wala usipunguze dozi kwa sababu ya kuchuja kahawa. Mwambie daktari ulichobadilisha ili asome majibu akijua.

Ikikwama

*Kahawa haishuki kabisa.* Mara nyingi imesagwa laini mno, au mashapo yalitangulia kwenye karatasi. Ile kahawa ya kutwanga kwenye kinu ina vumbi jingi hata ikionekana ya chembe kubwa. Ipepete kwenye kichungi cha unga kabla ya kuitumia: kinachopita ni vumbi, kinachobaki juu ndicho cha kuchemsha. Kama imeshakwama, usichokonoe kwa kijiko. Nyanyua karatasi, rudisha kahawa kwenye dele, weka karatasi mpya, subiri dakika 3 zaidi itulie, anza upya.

*Karatasi imepasuka.* Angalia kama ulikunja mishono na kama chujio lina waya uliochomoza. Kahawa iliyokwisha kupita irudishe yote kwenye dele na uichuje upya. Usinywe nusu kwa nusu ukidhani imechujwa.

*Inakuwa ya baridi.* Dakika 5 za kutulia na 4 za kuchuja zinapunguza joto kweli. Suuza chupa kwa maji ya kuchemka dakika ile unayoanza kuchuja, na ukipasha moto tena, pasha iliyochujwa peke yake.

*Imekuwa nyepesi, haina uzito mdomoni.* Uzito huo ndio mafuta yenyewe, na haurudi. Unachoweza kurudisha ni ukali: ongeza kahawa kutoka gramu 30 hadi 35 kwa nusu lita, au ichemshe dakika 2 zaidi. Wengi wanaotia tangawizi na iliki hawaoni tofauti baada ya siku chache. Wanaokunywa tungu kavu wanaiona.

*Nachuja nyumbani, lakini barazani siwezi kumwambia muuza kahawa achuje.* Huna haja. Finjani 2 za jioni ni mililita 100, chini ya miligramu 3 za kafestoli. Shughulika na ile chupa ya lita 1.

*Nimechuja wiki 6 na LDL haijasogea.* Rudia hesabu ya ujazo. Kama ulikuwa kwenye mililita 300 kwa siku, hapakuwa na kikubwa cha kushuka. Kama ulikuwa kwenye lita 1, kagua glasi ya hatua ya 8 tena, uulize kahawa ya ofisini inatengenezwa vipi, na kama ukingo wa karatasi haukuvukwa. Hayo yakiwa sawa, chanzo cha lehemu yako kiko kwingine, na mazungumzo ni ya daktari: tezi ya shingo, kisukari, ukoo wenye lehemu ya kurithi, au chakula.